Mguu wa Bibi na Somo la 7



Toleo hili nimeombwa niandike juu ya slaidi za masomo tunazoweka kwenye intaneti, kwa sababu wazazi kadhaa wamelalamika kwamba wanazitafuta na hawazioni. Wanasema kweli. Slaidi zilikuwepo, lakini kuzipata ilikuwa kazi, na aliyezificha ni mimi. Sikuzificha kwa makusudi. Nilizificha kwa jina nililozipa. Nitawaeleza yaliyotokea, halafu nitawaonyesha tulivyorekebisha, ili na wewe siku ukiandaa slaidi za kikundi chako, za madrasa au za shule, usirudie kosa langu.

Wengi mnanijua. Mchana na usiku mimi ni muuguzi, na Jumamosi asubuhi ni mwalimu wenu wa kujitolea. Msimu wa baridi uliopita nilitayarisha somo la mwili na maumivu. Nililipenda kuliko masomo yangu yote, kwa sababu ni kazi yangu. Nilitaka watoto wajue kusema kichwa kinaniuma, tumbo linaniuma, mguu unaniuma, na wajue kwa nini ni kinaniuma kwa kichwa lakini linaniuma kwa tumbo. Nikaongeza maneno ambayo wazee wetu huyatumia sana kwenye simu: ganzi, kizunguzungu, vidole vinawaka moto. Slaidi ya 9 ilikuwa na maneno matatu tu: mguu umekufa ganzi.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sikuwa na nguvu ya kuchapa. Basi niliandika kwa mkono kwenye ubao mweupe wa darasani, nikapiga picha ubao kipande kwa kipande, nikaziingiza picha zile kwenye PowerPoint, nikatengeneza PDF, nikapakia kwenye SlideShare, ile tovuti ya kuwekea slaidi ambayo walimu wengi huitumia. Faili langu liliitwa `Somo la 7 final (2)`. Tovuti ikalichukua jina la faili na kulifanya kichwa. Sehemu ya maelezo nikaiacha tupu, nikaenda kulala.

Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka 13, hakuja Jumamosi ile. Siku chache baadaye alikuwa kwenye simu na bibi yake aliyeko Tanga. Mama yake alikuwa kazini. Bibi alimwambia, kama wazee wanavyosema tu, kwamba mguu umekufa ganzi tangu juzi. Mtoto alijua mguu. Alijua umekufa. Ganzi hakuijua. Alipoagana na bibi aliketi na simu yake akaandika maneno yale yale matatu, herufi kwa herufi, akitafuta maana. Slaidi yangu ya 9, yenye maneno yale yale matatu, ilikuwa kwenye intaneti wakati ule. Hakuiona. Alichokiona ni kurasa zinazotafsiri neno moja moja, na zote zilimthibitishia kwamba umekufa maana yake ni umekufa.

Hakumwambia mama yake, kwa sababu aliona mama ana mambo mengi. Alikaa na jambo hilo mpaka Jumamosi iliyofuata. Wakati wa mapumziko alinifuata jikoni, tunapochemshia chai, akaniamkia vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mguu wa mtu ukifa, huwa unakatwa?"

Nikamuuliza mguu wa nani. Akaanza kulia.

Nilimweleza kwamba kufa ganzi si kufa. Ni kupoteza hisia, kama mguu unavyokuwa ukiukalia kwa muda mrefu. Akatulia. Lakini mimi sikutulia, kwa sababu niliuliza swali la kiuguzi: bibi ana sukari? Akasema ndiyo, siku nyingi. Mtu mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia anaweza kukanyaga msumari au kuchubuliwa na kiatu asijue, kwa sababu hasikii maumivu. Nilimpigia mama yake pale pale, naye akapiga simu Tanga kuomba mtu amtazame bibi nyayo na katikati ya vidole. Kulikuwa na kidonda kidogo chini ya kidole gumba. Bibi hakukijua. Alipelekwa hospitali, kikasafishwa, kikapona polepole. Namshukuru Mungu.

Sisemi kwamba slaidi zingemtibu bibi. Ninachosema ni kwamba mtoto alitafuta jibu kwa maneno sahihi kabisa, na jibu lilikuwepo, tena limeandikwa na mwalimu wake, na bado alikaa siku nne na hofu ya mguu kukatwa. Usiku ule nilikaa na kompyuta nikajiuliza kwa nini hakuipata.

Jibu la kwanza liliniaibisha. Mashine ya kutafuta haina macho kama yetu. Inasoma hasa maandishi yaliyochapwa. SlideShare, ukipakia slaidi zenye maandishi yaliyochapwa, huyatoa maandishi hayo na kuyaweka pamoja na slaidi, na Google nayo huyasoma. Lakini mimi nilipakia picha za ubao. Mwandiko wangu kwenye picha haukuwa maneno kwa mashine, ulikuwa rangi tu. Kwa hiyo kitu pekee kilichobaki cha kusomwa kilikuwa kichwa, na kichwa kilisema Somo la 7 final (2). Hakuna mtoto duniani atakayeandika hivyo akitafuta maana ya ganzi.

Kuna njia rahisi ya kujua kama slaidi zako zina ugonjwa huu. Fungua PDF yako kwenye kompyuta, kisha jaribu kuburuta kipanya juu ya neno moja kana kwamba unataka kulinakili. Neno likipigwa kivuli cha buluu, kwa kawaida ni maandishi. Kama kinachoshikika ni ukurasa mzima, au hakuna kinachoshikika, hiyo ni picha. Unaweza pia kubonyeza Ctrl na F, ukaandika neno unaloliona kwa macho yako. Mashine ikisema halipo, basi hata kwa yule anayetafuta halipo. Dawa yake ni kuchapa upya. Nilichapa slaidi zote 14 Jumapili moja, na picha za ubao nikazibakiza mbili tu kwa urembo.

Baada ya hapo nikahamia kwenye kichwa. Nami nilikosea mara mbili kabla ya kupatia.

Kichwa cha kwanza nilichofikiria kilikuwa Mwili Wetu. Ni kizuri kukisoma, lakini nilipokiandika kwenye sehemu ya kutafutia nikaletewa masomo ya sayansi ya shule ya msingi: mifupa, moyo, mapafu. Kichwa changu kilikuwa kimesimama kwenye foleni isiyo yake.

Cha pili kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa cha tamaa. Niliandika kwa Kiingereza kwamba hayo ni maneno yote ya hospitali kwa Kiswahili, na kwenye maelezo nikamwaga maneno mfululizo: Swahili, Kiswahili, kujifunza, bure, kamusi, daktari, muuguzi, uzazi. Nilidhani neno likiwa humo tu, mtu atafika. Na kweli walifika. Hesabu ya waliotazama ilipanda. Kisha nikapata ujumbe wa mwanafunzi wa uuguzi ambaye alikuwa anatafuta maneno ya chumba cha kujifungulia, akakuta slaidi za watoto zenye mchoro wa goti. Alikuwa na adabu, lakini nilielewa. Nilikuwa nimempotezea muda. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hesabu ya waliofika haikwambii kama waliofika ndio uliowaandikia.

Jumamosi iliyofuata nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Niliwagawia watoto vipande vya karatasi nikawaambia: bibi anakwambia kwenye simu kwamba mguu umekufa ganzi, na wewe huelewi, andika kile utakachoandika kwenye simu yako, usirekebishe chochote. Nilikusanya karatasi 11. Hizi ni nne kati ya hizo, kama zilivyoandikwa:

```
what does mguu umekufa ganzi mean
my leg is numb in swahili
swahili dead leg
mgu umekufa ganzi
```

Zitazame vizuri, kwa sababu karatasi hizi zilinifundisha karibu yote ninayoyajua. Kwanza, mtoto wa London anauliza kwa Kiingereza hata pale anapouliza juu ya Kiswahili. Pili, anaandika Swahili, si Kiswahili. Neno Kiswahili hutoka kwenye vidole vya wazazi. Tatu, hatafuti somo. Hakuna hata mmoja aliyeandika somo, wala mada, wala sarufi. Anatafuta sentensi aliyoisikia, na anaiandika kama alivyoisikia. Na nne, wengine huandika mgu badala ya mguu, lakini hilo halikunisumbua sana, kwa sababu maneno mengine mawili yalikuwa sawa. Sikuingiza makosa yao kwenye maelezo yangu. Shule haiwezi kuandika mgu kwa makusudi.

Hapo lazima nieleze jambo moja la lugha yetu, maana ndilo linalotutofautisha na mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza akiandika neno la maumivu mara moja, amemaliza, kwa sababu neno lake halibadiliki sana. Sisi kitenzi chetu hubeba kila kitu ndani yake. Kuuma kuna sura nyingi: kichwa kinaniuma, tumbo linaniuma, mguu unaniuma, macho yananiuma. Anayeona neno linaniuma kwa jicho la mgeni hawezi kuliona kuuma ndani yake, na mashine ya kutafuta usiitegemee iwe na jicho bora kwa Kiswahili. Kwa hiyo kuandika "msamiati wa kuuma" hakumsaidii mtoto aliyesikia linaniuma. Andika sentensi nzima kama inavyosemwa mdomoni.

Na midomo yetu haifanani. Mwalimu mwenzangu wa darasa la wadogo ni mtu wa Mombasa. Kwao ni kichwa chaniuma, tumbo laniuma, mguu waniuma. Mtoto wa nyumba hiyo hatasikia kinaniuma hata siku moja, basi ataandika chaniuma. Zote mbili zikiwemo kwenye maelezo, watoto wote wawili watafika.

Tukabishana naye lakini, huyo mwenzangu, juu ya jambo jingine. Nilimwonyesha kichwa nilichokipanga, na kilianza kwa Kiingereza. Akakunja uso. "Dada, tumefungua shule ya Kiswahili, halafu kibao cha mlangoni tunakiandika Kiingereza?"

Nilikaa na maneno yake wiki nzima, kwa sababu yalinichoma. Watoto wetu wanazungukwa na Kiingereza kuanzia alfajiri. Hapa ndipo mahali pao pekee. Lakini kila nikirudi kwenye zile karatasi 11 nilimwona yule msichana na simu yake. Anayesoma kibao cha mlangoni ni yule aliye nje. Aliye ndani hakihitaji. Nikamwambia hivyo mwenzangu, naye hakukubali mara moja. Tuliafikiana hivi: slaidi za kumtafutia mtoto anayeanza zitaanza kwa Kiingereza na kumalizia na sentensi ya Kiswahili, na ndani ya slaidi Kiswahili ndicho kitakachotangulia. Slaidi za wazazi, na zile za watoto wakubwa wanaosoma hadithi, vichwa vyake vitakuwa vya Kiswahili tupu, kwa sababu wanaozitafuta huandika Kiswahili. Kanuni ni moja katika pande zote mbili: kichwa kiandikwe kwa lugha ya vidole vya anayetafuta.

Basi kichwa chetu kikawa hiki:

```
Pain and Numbness in Swahili: Mguu Umekufa Ganzi
```

Kina herufi 48 ukihesabu na nafasi. Nilihesabu kwa sababu Google kwa kawaida huonyesha kama herufi 60 hivi za kichwa, kisha hukata na kuweka nukta. Kwenye simu ya mtoto, kilichokatwa ni kama hakikuandikwa. Kwa hiyo lililo muhimu hutangulia. Jina la shule, namba ya somo na mwaka, vitu ambavyo sisi walimu tunapenda kuvitanguliza, huenda mwisho wa maelezo. Namba ya somo ina maana kwa yule anayejua somo la 6 lilikuwa lipi. Mgeni haijui.

Tena kichwa hicho huingia kwenye anwani ya ukurasa wenyewe. Anwani iliyotengenezwa na Somo la 7 inasema somo-la-7 tu. Ndiyo maana sikubadilisha kichwa cha zile slaidi za zamani. Niliziondoa kabisa, nikalibadilisha na jina la faili kwenye kompyuta yangu, kisha nikapakia upya zile zilizochapwa. Slaidi huishi kuliko mwalimu. SlideShare ilianza mwaka 2006, ikanunuliwa na LinkedIn mwaka 2012, na tangu 2020 iko mikononi mwa Scribd, na muda wote huo kuna slaidi za watu zinazoendelea kusomwa huku walioziweka wakiwa wameshahama kazi. Huenda miaka kumi ijayo mimi sipo hapa, na hakuna atakayekumbuka somo la 7 lilikuwa lipi. Ganzi itakuwa bado ni ganzi.

Yakabaki maelezo. Haya ndiyo tuliyoandika:

```
How to say where it hurts in Swahili, and what "mguu umekufa
ganzi" means: my leg is numb, not dead. 14 slides, ages 10-14.

Kwa Kiswahili: kichwa kinaniuma (chaniuma), tumbo linaniuma
(laniuma), mguu unaniuma (waniuma), mguu umeingia ganzi,
vidole vinawaka moto. Kwa watoto wanaoongea na bibi na babu
kwa simu. Si kamusi ya hospitali.
```

Aya ya kwanza ni fupi kwa sababu chini ya kichwa, kwenye orodha ya majibu, huonekana kama herufi 150 tu za maelezo. Google wakati mwingine hujichagulia sentensi nyingine kutoka ndani, na huwezi kuizuia, lakini ukiandika vizuri mwanzo huwa unaipa sababu ya kuuchukua. Nilitaka mtoto mwenye hofu asome jibu hata kabla hajabonyeza: mguu una ganzi, haujafa. Hata asipofungua slaidi, ameshapata alichokitaka.

Aya ya pili ni ya sentensi zinazosemwa, za bara na za pwani. Angalia kwamba si orodha ya maneno matupu kama ile niliyoimwaga mara ya kwanza. Kila sentensi iliyomo kwenye maelezo imo ndani ya slaidi pia. Hiyo ndiyo mizani yangu sasa: nikiandika neno kwenye maelezo, lazima niweze kusema liko slaidi ya ngapi. Na ile sentensi ya mwisho, si kamusi ya hospitali, nimemwandikia yule mwanafunzi wa uuguzi. Maelezo mazuri humkaribisha anayehusika, na humwambia asiyehusika mapema aendelee na safari yake.

Mwishoni kuna mahali pa lebo, maneno mafupi ya kupangia. Tuliweka chache tu: `swahili`, `kiswahili`, `body parts`, `ganzi`. Na kuna kitu ambacho hatuweki popote, si kwenye kichwa, si kwenye maelezo, wala ndani ya slaidi: jina la mtoto yeyote, picha yake, au saa na mahali tunapokutania. Slaidi ikionekana na mwanafunzi wetu imeonekana na dunia nzima.

Sasa utajuaje kama imefaulu? Usitazame siku ile ile. Google huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, kabla ya kuufahamu ukurasa mpya. Mimi nilisubiri wiki mbili. Kisha nikafungua dirisha la faragha kwenye kompyuta, ili mashine isinipendelee kwa kuwa inanijua, nikaandika hivi:

```
site:slideshare.net "mguu umekufa ganzi"
```

Maneno ya mwanzo yanaiambia Google itafute ndani ya tovuti ile moja tu, na alama za kunukuu zinaiambia itafute sentensi ile kama ilivyo. Ukifanya hivyo na slaidi zako zisionekane, basi bado hazijasomwa, au umeziweka kwa siri bila kujua, au maandishi yako ni picha. Zikionekana, ondoa kile kipande cha `site:slideshare.net` uandike kama mtoto anavyoandika. Zikitoweka hapo, maana yake zinajulikana lakini zimezidiwa na nyingine, na kazi iliyobaki ni ya kichwa.

Kuzidiwa huko kuna mipaka yake, na nisiwadanganye. Hatutaonekana kamwe mbele kwa mtu anayetafuta salamu za Kiswahili. Mlango huo una foleni ndefu ya watu wenye tovuti kubwa, na kichwa kizuri peke yake hakituvushi. Lakini sentensi ndogo ya bibi kwenye simu haina foleni. Ndiyo maana tumeacha kuandaa slaidi zinazoitwa Kiswahili kwa Wanaoanza, na badala yake kila somo tunaliita kwa ile sentensi moja iliyomo ambayo mtoto atakuja kuisikia nyumbani.

Zetu zilionekana baada ya siku 16. Niliijaribu ile sentensi ya karatasi ya kwanza na ukurasa wetu ukaja wa tatu. Ile ya mguu uliokufa kwa Kiingereza haikutuleta kabisa. Ilileta habari za mpira wa miguu, maana wachezaji wakipigwa goti la paja huliita hivyo hivyo. Nimeiacha. Huwezi kumfuata kila mtu.

Yule msichana nilimpa kazi. Somo linalofuata ni la dawa: kumeza, kupaka, kutwa mara tatu, kabla ya kula. Nikamwambia kichwa ataandika yeye. Alikuja na karatasi iliyokatwakatwa na kufutwa, na kilichobaki ni hiki: `How to Take Medicine in Swahili: Kutwa Mara Tatu`. Nilimuuliza kwa nini amechagua kutwa mara tatu na si kumeza. Akanijibu, "Kwa sababu bibi sasa ana dawa, na kila siku ananiambia kutwa mara tatu, na nilidhani kutwa ni jina la dawa."

Kutwa ni mchana kutwa, watoto, siku nzima. Iko slaidi ya 4.

Basi nina ombi kwenu nyote, wazazi na watoto. Wiki hii ukisikia kwenye simu sentensi ya bibi, babu, shangazi au mjomba usiyoielewa, usikae nayo peke yako. Iandike kama ulivyoisikia, na chini yake andika ungetafuta nini kwenye simu yako. Kuna kisanduku cha biskuti mezani karibu na birika la chai. Tumbukiza karatasi humo. Hizo ndizo zitakazokuwa vichwa vyetu vya muhula ujao.

Na ukimpigia mzee mwenye sukari, muulize kama amezitazama nyayo zake leo.

Tuonane Jumamosi.